Nyumba ya Ishirini

Dodoso la Mjomba lilikuwa na maswali matano, na yote yalikuwa yanaomba neno moja tu: ndiyo. Je, unapenda mazingira safi? Je, unakubali kwamba choo kilichojaa ni hatari? Je, tukinunua pampu ya kisasa, utatuita? Watu arobaini waliulizwa, arobaini wakasema ndiyo, na Mjomba, mwenyekiti wa kikundi cha kuhudumia vyoo, akaandika kwenye mpango wa biashara kwamba soko lao ni asilimia mia moja. Angewauliza kama wanapenda kupumua, angepata majibu yaleyale.

Afisa wa mfuko unaovipa vikundi vifaa aliurudisha mpango. Ubavuni mwa sehemu ya soko alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Sitaki kujua wangependa nini. Nataka kujua wamefanya nini. Leteni ushahidi Ijumaa ijayo, la sivyo pampu itakwenda kwa wengine."

Katibu wa kikundi, mpwa wake Mjomba, aliyasoma maneno hayo mara mbili. Mumewe ndiye aliyekuwa akishuka mashimoni kwa kamba na ndoo. Mwezi wa tatu walimvuta juu akiwa amelegea, hewa ya huko chini imemlevya, midomo imebadilika rangi. Kila akitoka kazini hujisugua kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi inachubuka, kisha hukaa barazani peke yake, kwa sababu anajua jinsi anavyonuka. Pampu ingefanya kazi hiyo mtu akiwa amesimama juu ya ardhi. Katibu hakuwa tayari kuikosa kwa sababu ya maswali ya kipuuzi.

Akaandika mapya, ukurasa mmoja. Choo chenu kilijaa lini mara ya mwisho? Mlifanya nini? Nani alikuja? Mlilipaje? Kipi kilikuwa kigumu? Pampu hakuitaja mahali popote. Ili asijichagulie marafiki, angeanzia dukani kwenye kona na kuingia kila mlango wa tano. Mtaa ulikuwa na nyumba mia moja na sitini, kwa hiyo angepata thelathini na mbili.

Kwanza aliyajaribu maswali hayo kwa wenye nyumba watatu, nje ya hesabu. Wote watatu walisema lilikuja gari la kunyonya. Mmoja hata alinyoosha kidole kuonyesha lilipoegeshwa, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye mabeseni hawapishani mpaka mmoja ajibanze ukutani. Alidanganya kwa uso mkavu, huku akimkaribisha kiti. Katibu aliondoka na hasira, lakini njiani akajiona kwenye kioo cha dirisha: kichwani amevaa kofia ya njano ya kikundi. Nani angemwambia ukweli mtu aliyevaa kofia ile?

Akaivua. Akaamua pia kwamba kila nyumba atamuuliza na mpangaji mmoja, mbali na masikio ya mwenye nyumba, na kwenye nyumba sita atakaa kwa mazungumzo marefu, aandike maneno kama yanavyotoka mdomoni.

Ndipo uchafu ukaanza kumwagika.

"Gari gani?" mshonaji mmoja, mpangaji, alimuuliza bila kusimamisha cherehani. "Sisi tunangoja mvua."

"Mvua inafanya nini?"

"Inabeba. Ukutani mwa shimo, upande wa mtaro, kuna jiwe. Mvua ikikolea, mwenye nyumba analing'oa. Tunaita kutapisha. Kesho yake tunavaa viatu vya mpira, maisha yanaendelea."

Alicheka. Katibu hakucheka. Aliandika, na mkono wake ulitaka kunawa.

Kufikia Jumatano, nyumba kumi na mbili zilikuwa zimetajwa kuwa hungoja mvua. Mtaro ulishuka hadi bondeni, na huko mama mmoja alimwonyesha alama ya kahawia ukutani, sawasawa na kimo cha kitanda. "Hapo ndipo mtaa wenu ulipofika mwaka huu," alisema. Katibu alitoka nje akatema mate mpaka kinywa kikakauka. Aliwakumbuka wale arobaini wapenda mazingira safi, akawachukia mmoja mmoja.

"Hao kumi na mbili wafute," Mjomba alisema alipoona karatasi. "Hawalipi. Si wateja."

"Hao ndio soko lenyewe, Mjomba. Mshindani wetu si gari. Ni mvua, na mvua haidai hata senti. Tusipojua kwa nini wanaichagua, tutamuuzia nani?"

Mjomba alinuna. Kisha akaitazama orodha ya nyumba zilizobaki, akashtuka. "Hii ya ishirini iruke. Chukua ya jirani."

Katibu alikuwa ameshaiona. Alikuwa amerudi mpaka dukani kuhesabu upya, akiomba awe amekosea. Mlango wa mia moja ulikuwa wa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Mwanamke anayefagia ua mara mbili kwa siku, anayesuuza kikombe mbele ya mgeni ili mgeni aone. Akiiruka hiyo, hesabu nzima ingekuwa ya kujichagulia, kama ya Mjomba.

Alimkuta akichambua mboga za bustani yake, ile iliyo kando ya mtaro. Mpangaji wake alikuwa ameshasema yake asubuhi ile.

"Shangazi, choo kilijaa lini mara ya mwisho?"

"Mwezi wa nne."

"Mkafanya nini?"

Shangazi aliendelea na majani yake. "Unajua. Umeshazunguka mtaa mzima."

"Niambie mwenyewe."

"Nilishika mwavuli, kijana mmoja akang'oa jiwe."

Katibu aliitazama bustani, kisha mtaro. Mboga zile alizila miaka na miaka, akaomba na kuongezewa. "Kwa nini hukuita mtu?"

"Nimwite nani? Mumeo? Siku ile walipomtoa nilikuwapo, mwanangu. Nilimwona macho yamegeuka. Nimlipe mkwe wangu aingie tena, kwenye shimo langu? Na tena mnataka shimo lote kwa mpigo mmoja, hela zote siku moja. Kodi zinaingia kidogo kidogo. Mngekuwa mnatoa pipa moja, mawili, bila mtu kuzama, ningeita hata kesho."

"Na watu wa bondeni?"

Shangazi alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Wa bondeni sikuwazaa mimi."

Katibu aliandika vilevile, neno kwa neno. Hakujua amkumbatie au amtemee mate.

"Utaliweka jina langu?"

"Hatuandiki majina. Namba tu."

Kati ya wengine watano aliozungumza nao kwa kirefu, wanne walisema habari ileile ya hela za mpigo mmoja. Ijumaa afisa alisoma: nyumba thelathini na mbili, kumi na tisa hutapisha, na jinsi zilivyochaguliwa. Akasoma maneno ya nyumba ya ishirini, akaweka kidole hapo.

"Huyu mtamuuzia nini?"

"Mapipa mawili kabla ya mvua, bei ya pipa. Na hakuna atakayeshuka."

Afisa alitia saini.

Pampu ilipokuja, aliyeita kwanza ni nyumba ya ishirini. Mume wa katibu alisimama uani, viatu vikavu, akisukuma mpini huku bomba likikoroma kwenda kwenye pipa. Shangazi alimtazama, akafuta macho kwa kanga, akaingia jikoni akatoka na sahani mbili za mboga, zinafuka moshi.

Mumewe alipokea kwa mikono miwili, akala. Katibu alisema ameshiba.