Safari Tatu za Nagnouma

Tuliionyesha filamu ya Zoumana Traoré kwa majirani hapa Ségou, mchana, katika ukumbi uliozibwa kwa mapazia. Walitazama kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna aliyecheka wala kuguna. Mimi, Sirantou Diarra, ndiye niliyeihariri.

"Umewalaza watu, mla kunde wewe," Zoumana akaniambia.

"Traoré akishiba kunde anadhani wote wamelala," nikamjibu. Koo zetu ni watani, na kuitana mla kunde ndio utani wetu, lakini usoni hakuwa anatania.

Filamu ilimhusu Nagnouma, aliyekwenda mara tatu kumwomba radhi kaka yake, na mara zote akafungiwa mlango. Zoumana alinitaka nibakize safari moja tu. Mtazamaji ameshaelewa, alisema, ya nini kumrudishia?

Wiki hiyo kulikuwa na sherehe ya kumpa mtoto jina. Jeli, msimulizi wa ukoo, alikuwa akisimulia, na kando yake mzee Bourama akiitikia "naamu" kila kauli ilipokamilika. Majina ya mababu yalipita mbio, na naamu zikapita mbio vilevile. Kisha jeli akataja kifo cha kijana, na Bourama akanyamaza. Jeli akairudia kauli ile polepole. Ndipo Bourama akaitikia.

Baadaye nikamuuliza, "Baba, mbona pale ulimnyima naamu?"

"Sikumnyima. Watu walikuwa hawajamfikia."

"Ulijuaje?"

"Wewe ulikuwa unamtazama jeli. Mimi nilikuwa nawatazama watu."

Nikarudi kazini na hamu mpya. Kwanza nilikosea: niliweka kimya kila baada ya maneno, urefu uleule, na filamu ikazidi kufa. Naamu si kimya. Ni sikio, na sikio lina haraka zake.

Safari zote tatu nikazibakiza. Ya kwanza niliiacha ndefu, vumbi, njia, kapu lililojaa, mlango, na uso wa Nagnouma hadi mtu amalize kuumia naye. Ya pili ilikuwa njia ileile na maneno yaleyale mlangoni, ila kapu lake sasa lilikuwa tupu. Ya tatu niliikata fupi kuliko zote, kwa kuwa njia watu wanaijua tayari. Niliishia mkono ukiwa umeinuliwa, kabla haujagonga.

"Umekata maneno yake," Zoumana akalalamika.

"Ngoja."

Tuliwaalika tena majirani. Niliketi kando ya skrini, nikiwaelekea wao. Safari ya pili mtu akaguna, "Hee, anarudi?" Ya tatu mkono ulipoinuka, mama mmoja wa mstari wa mbele akasema, "Kaka, ni mimi," na wengine wakamfuata. Yalikuwa maneno yaleyale niliyoyakata.

Zoumana aliniangalia katika mwanga hafifu.

"Na sehemu inayofuata, ile ya sokoni?" akanong'ona. "Pale kuna haraka au hakuna?"

"Sijui bado," nikasema. "Njoo ukae huku, tuwaangalie."

Akahamisha kiti chake.