Nukta na Kopa Tatu

Kopa tatu nyekundu zilikuwa zimepangana mstari mmoja kwenye simu yangu, baada ya neno "mpenzi". Nilipoziona niliketi juu ya kochi ambalo nilikuwa nimelivua kitambaa, springi zikanichoma mapajani, na sikuinuka.

Wifi yangu, tuliyekuwa tukifanya naye kazi ya kufunika makochi, alinipokonya simu, akasoma, akapiga vigelegele hadi fundi viatu wa jirani akachungulia mlangoni.

"Si nilikwambia? Kaka yangu amerudi!"

Mimi sikushangilia. Tangu nimjue mume wangu hakuwahi kuniandikia kopa hata moja. Alikuwa akisema kopa ni za karata na za watoto wa shule. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mimi nikamwita Cheche, naye akaniita Sindano. Alipokwenda kazini mbali, kwenye daraja lililokuwa likijengwa, tulikubaliana kuandikiana, maana huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha na simu ilikatika kabla hujamaliza salamu. Kila asubuhi ujumbe wake ulikuja vilevile: "Sindano umeamkaje!!" na mbele yake kiemoji cha moto. Nukta hakuwa nayo. Alama za mshangao alizimwaga kama chumvi ya mpishi mgeni. Na ule moto ulikuwa wetu. Maana yake ni kwamba amenikumbuka, na hakuna mtu mwingine aliyeijua.

Kisha asubuhi moja ujumbe ulichelewa, na ulipofika ulisema: "Habari za asubuhi. Natumaini u mzima."

Niliusoma nikiwa na misumari mdomoni, nikaitema mmoja mmoja kiganjani. Hapakuwa na jina langu wala moto, na kila sentensi ilikuwa imefungwa kwa nukta yake. Mtu mwingine akiniandikia vile ningesema ana adabu. Bosi wa hoteli tuliyemfanyia viti aliandika hivyohivyo siku zote, na alikuwa mtu mkunjufu. Lakini Cheche hakuwa hivyo, na kilichoniuma si nukta yenyewe, ni kwamba jana yake haikuwapo.

Nilijipa sababu. Nikasema amechoka. Nikasema labda ana simu mpya. Kesho yake ikaja, "Salama. Kazi zinaendelea." Nikamtumia kichekesho cha mteja aliyeketi juu ya gundi mbichi, nikaongeza nyuso zinazolia kwa kicheko. Akajibu, "Pole yake." Nilipompigia, simu iliita ikakatwa, kisha yakaja maneno: "Mtandao mbaya. Tuandikiane."

"Wifi, nukta ni komeo," alisema dada yake, akivuta uzi kwa meno. "Mwanamume akianza kuweka nukta, ujue kuna mlango mwingine ameacha wazi."

"Huyo ni kaka yako unayemsema."

"Ndiyo maana nasema. Nimekua naye."

Alitania, lakini yale maneno yaliniganda. Nilianza kuzirudia jumbe za zamani wakati wa chakula, nikizilinganisha na mpya, kama mtu anayepapasa nguo iliyofuliwa akitafuta doa. Nilipungua mwili. Nilimpenda mume wangu, na niliogopa kwamba ananiacha polepole, kwa adabu, neno moja moja.

Ndipo zikaja zile kopa. "Habari za asubuhi mpenzi," kisha kopa tatu. Wifi alicheza kati ya makochi. Mimi niliuliza kitu kimoja tu moyoni: ni nani huyu?

Sikuandika neno. Nilituma moto peke yake, kiemoji kimoja. Cheche angekipata, angerudisha cha kwake, nami ningelala.

Jibu lilikuja upesi: "Kuna moto huko? Mmeungua? Mko salama?"

Wifi aliacha kucheza. Alisoma mara ya pili, akakaa karibu yangu.

"Huyu si kaka," alisema.

"Basi ni yule wa mlango mwingine."

"Hawara gani, wifi, anayeuliza kama tumeungua?" Alijaribu kucheka, kicheko kikamfia. "Nenda. Makochi nitayamaliza mimi."

Nilipanda basi la asubuhi. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mwanamke yule, mengine makali hata nikaona haya mbele ya abiria wenzangu. Alasiri nilifika kwenye vyumba vya wafanyakazi, safu ndefu yenye paa la bati na viatu vya kazi mlangoni. Mlinzi alinionyesha chumba. Mlango ulikuwa wazi.

Mume wangu alikuwa ameketi kitandani, amefungwa bandeji macho yote mawili. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, mzee mwendesha winchi alikuwa ameshika simu mbali na uso wake, akiandika kwa kidole kimoja.

"Nani?" Cheche aliuliza.

Nilimshika mkono. Alipapasa vidole vyangu mpaka akaipata sugu ya sindano, kwenye kidole cha kati.

"Nilikwambia usimwambie, mzee."

"Sijamwambia," mzee alisema. "Shemeji, karibu. Kaa hapa."

Ni mzee aliyenieleza. Cheche aliinua kofia ya uso ili ajipanguse jasho, na vipande vya chuma cha moto vikamrukia machoni. Hospitali ilimfunga, ikampa siku ya kurudi. Alikataa nipewe habari kabla haijajulikana kama ataona.

"Mbona uliniandikia kama karani?" nilimuuliza, machozi yakinitoka wazi.

"Simu nilikata kwa sababu sauti ingenisaliti. Nilikuwa nasema, yeye anaandika. Sasa ningemwambiaje mtu mzima kama huyu aandike Sindano? Na ule moto? Niliona haya. Kila siku nilitaka, kila siku nikaona haya."

"Na kopa?"

"Kopa gani?"

Mzee alikohoa, akaitazama sakafu.

"Hizo ni zangu, shemeji. Nilikuwa namsomea majibu yako nikaona unanyauka, na mwenzako maneno yake makavu. Marehemu mke wangu nilikuwa nikimtumia tatu kila asubuhi. Nikasema hazitadhuru. Na ule moto wako ulikuja huyu amelazwa na dawa, nikajibu mwenyewe. Nisamehe, nilidhani mnaungua."

Nilimwambia hakuna la kusamehe. Nilikuwa nimeona baridi pale penye haya na mapenzi, na mapenzi niliyoyaona ya mtu mwingine yalikuwa ya kweli pia, ila aliyependwa alikuwa kaburini. Jambo moja tu zile alama ziliniambia sawasawa: kuna kitu kimebadilika, nenda ukaulize.

Jicho la kulia halikurudi. La kushoto linaona kwa ukungu, na siku hizi anang'oa misumari ya makochi ya zamani kwa kupapasa, mimi nikishona. Nikienda sokoni kununua sponji huniandikia mwenyewe, herufi zimepandana, moto siku nyingine upo, siku nyingine haupo.

Juzi nilikuwa dukani, ujumbe ukaingia. Ulikuwa nukta moja, basi. Nikaacha kupatana bei, nikampigia.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Kidole kiliteleza."

"Haya."

Hakukata, nami sikukata. Muuza sponji alinisubiri, na upande wa pili nilimsikia akirudi kung'oa misumari, mmoja baada ya mwingine, akiidondosha kwenye kopo.