Nili Kichwani mwa Jumbe

Nasieku alikuwa anakamua mbuzi mumewe alipompigia ukelele kama mtu aliyekanyaga nyoka. Akaweka kibuyu chini, akaenda. Hapakuwa na nyoka. Jumbe Lemburis alikuwa amesimama mlangoni na kioo chake, kile alichonunua dukani kwa Mhindi karibu na boma la Wadachi, amekiinamisha kwenye mwanga, na kidole kimeshika nywele za juu ya sikio.

“Hebu tazama hapa. Hiki ni kitu gani?”

Nasieku akatazama. “Mvi, Baba Eliamini.”

“Majivu hayo. Jana nilikaa karibu na moto.”

Akamwinamishia kichwa apulize. Nasieku akapuliza. Mvi zilibaki pale pale, na chini ya zile za juu zilikuwapo nyingine, zinaelekea kisogoni. Kichwa kilinuka mafuta ya kondoo ya juzi na tumbaku ya ugoro. Nasieku akageuza uso kidogo, avute pumzi ya upande wa pili.

Wanarika wenzake Lemburis walikuwa na mvi zamani, na wengi wao walinyoa vipara. Yeye alifuga nywele na kuzichana njia kando kama karani wa boma, akajisifu kwamba damu yake ni nzuri. Damu yake ilikuwa kama ya mtu yeyote. Ila tangu boma lijengwe hakubeba jiwe wala mzigo hata mara moja, maana yeye ndiye aliyechagua wa kubeba.

Na mvi hizo zilikuwa na kesi. Kule Kimandolu kulikuwa na mtu anaitwa Simel, mwenye mtoto mmoja wa kiume na binti, Namelok. Boma lilipotaka wapagazi wa kwenda Moshi, Lemburis alifika kwa Simel, akanywa pombe ya asali, akamsifu yule kijana kwa mgongo wake mpana. Kisha akamsifu binti. Hakusema zaidi. Simel hakuwa mjinga, akaelewa, na kijana wake hakwenda Moshi.

Binti alipoambiwa ataolewa na jumbe alilia mbele ya wazee wa ukoo. “Huyu ni babu yangu!” alisema. Simel, kwa aibu, akajibu kwa sauti ili wote wasikie: “Babu gani hana hata mvi? Siku ya harusi, ukionekana unywele mweupe kichwani mwake, hutoki mlangoni mwangu.” Akajitemea mate kifuani kuapa, na wazee wakatema. Lemburis alikuwapo, akacheka, akatema na yeye. Wakati huo kichwa chake kilikuwa cheusi kama sufuria. Neno lililotemewa mate halivunjwi, hata na jumbe. Yuko mtu alilivunja huko Sokon akakauka mkono mpaka begani, na hadi leo anautumia kuanikia nguo.

Sasa harusi ilikuwa imekaribia na mvi hizo hapo.

Lemburis alikaa na jambo hilo kutwa nzima. Akang'oa chache kwa kibano, akapiga chafya, akaacha, maana akizing'oa zote atabaki na viraka kama mbuzi mwenye upele.

“Nyoa basi,” Nasieku alimwambia. “Wenzako wananyoa.”

“Nikinyoa watasema nimeficha. Kuficha ni kuvunja neno.”

“Na kupaka rangi?”

Lemburis akafikiri. “Rangi haifichi. Rangi inageuza. Unywele ukiwa mweusi ni mweusi.” Kisha akasita tena. “Lakini si mambo ya wanawake wa pwani haya? Mimi jumbe nipakwe hina kama biharusi?”

“Basi usipake. Binti wa watu akae kwao.”

Aliyasema hayo polepole, huku anaosha kibuyu. Lemburis akanusa ugoro. Akasema kwamba boma limetuma neno tena, linataka wanaume wenye nguvu, na kwamba Eliamini wao amekuwa mkubwa siku hizi, mgongo wake umepanuka.

Mtoto wake wa kumzaa! Nasieku akamwona kinyaa. Akajifunga shuka, akaenda kwa Bi Tunu.

Bi Tunu alikuwa mke wa askari, mtu wa Pangani, aliyeuza hina na udi kwenye kibanda nyuma ya boma. Hakuuliza ni ya nani. “Mvi hazitaki haraka,” alisema. “Hina peke yake itampa kichwa cha rangi ya chungwa. Nili, haya majani ya kutia rangi ya buluu, peke yake haishiki vizuri kwenye mvi, inakwajuka. Anza na hina, halafu nili juu yake. Hina uikande kwa maji ya ndimu, uifunike, uiache mpaka juu iwe kahawia. Nili usiitie ndimu kabisa, utaiua. Maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, ukisha kukanda subiri kidogo tu, upake hapo hapo. Ukiichelewesha imekufa.” Akafunga vifurushi viwili kwa jani la mgomba. “Na mafuta yatoke yote kichwani. Nyinyi watu wa huku mnajipaka kondoo mzima. Mafuta yakibaki, rangi inateleza, na mvi zinabaki kama zilivyozaliwa.”

Hayo ya mwisho Nasieku aliyabeba njia nzima. Mafuta kidogo tu kwenye vidole vyake, na Namelok angebaki kwao. Nyumbani alikuwa na kibuyu kizima cha mafuta. Akafika, akamkuta Eliamini anapasua kuni, mgongo wazi. Akampita, akachota maji.

Asubuhi yake alimwosha mumewe kichwa kwa sabuni na maji ya majivu, mara ya kwanza, ya pili, mpaka nywele zikalia chini ya vidole. Maji yalitoka na tabaka la mafuta ya rangi ya usaha, yakaganda kwenye beseni, na mbwa aliyekuja kuyanusa akaondoka zake. Hina, iliyokuwa imefunikwa tangu usiku, akaipaka kwa kugawa nywele njia njia, kutoka kwenye ngozi kwenda nchani. Akamfunga jani la mgomba lililopitishwa motoni, akamwacha akae juani. Lemburis alikaa kutwa, tope la kijani linamchuruzika shingoni, nzi wanamzunguka, naye anakula nyama ya mbavu na kutoa amri.

Alipooshwa, mvi zilikuwa za rangi ya chungwa, zinawaka. “Umeniharibu!” alipiga kelele.

“Bado,” alisema Nasieku.

Akakanda nili. Ilinuka kama majani yaliyoozea kwenye dimbwi, na juu yake ikaanza kuota wingu la buluu. Akapaka hapo hapo. Alipoisuuza, nywele zilikuwa na ukijani wa ajabu, naye Lemburis akatukana Pangani yote. Lakini nili hukomaa ikipata hewa. Kesho yake kichwa kilikuwa cheusi ti. Masikio nayo yalikuwa meusi, na ngozi ya kisogo imebaki ya chungwa, maana Nasieku hakuambiwa apake mafuta ya kukinga ngozi, au aliambiwa akasahau.

Asubuhi ya harusi walikwenda Kimandolu, Nasieku amebeba kibuyu cha mafuta ya kumpaka biharusi. Wazee wa ukoo wa Simel wakamkalisha Lemburis kwenye kigoda, wakapekua kichwa chake kwa njiti, wakigawa nywele kama wanaotafuta chawa. Walitafuta kwa bidii, na mmoja wao, mwenye huruma, alirudia mara kadhaa nyuma ya sikio. Hawakuona unywele mweupe.

“Masikio yake ni meusi,” alisema yule mzee.

“Masikio hayakutajwa,” alisema Lemburis, na ilikuwa kweli.

Ndipo mama yake Namelok akatoka ndani na ngozi ya ng'ombe ambayo binti aliikalia kunyolewa, kama biharusi wote wanavyonyolewa. Akaiweka chini ili kila mtu aone. Ilijaa nywele nyeupe pe, laini, za kikongwe.

“Jana amelala na nywele nyeusi,” alisema. “Alfajiri nimeanza kunyoa upande huu, zikatoka hivi.”

Nasieku akazijua, ni zile alizozipuliza kichwani mwa mumewe. Juu ya nyingine palikuwa na vumbi la ugoro.

“Zimehama,” alisema mzee mmoja.

“Zimehama,” wenzake wakakubali, wakakaa kujadili. Neno lilisema unywele mweupe kichwani mwake, yaani kichwani mwa bwana. Kichwani mwa bwana haupo. Kuhusu kichwa cha binti hakuna aliyetema mate. Mmoja akauliza kama mahari isipunguzwe, kwa kuwa biharusi sasa ana mvi na bwana hana. Simel akasema kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe aliyeletwa amekwisha kuzaa. Wakamwachia mahari yote.

Namelok akatolewa. Alikuwa na uso wa msichana, kichwa kimenyolewa, na juu yake tayari weupe umeanza kuchomoza. Akamtafuta Nasieku kwa macho, kama mtu anayetafuta mama sokoni. Nasieku akampaka mafuta aliyobeba, kichwa na mabega. Wakaondoka kwa mwendo wa biharusi, taratibu, bila kutazama nyuma.

Mwezi ulipopita, nywele za Namelok zikawa zimekua, nyeupe kama unga wa mtama. Watu walimwamkia “shikamoo” kwanza, kisha wakatazama uso wakacheka. Lemburis hakucheka.

“Nilioa mtoto, nimeletewa ajuza,” alimwambia Nasieku, na akatema mate pembeni. “Hina imebaki?”

“Imebaki.”

“Mpake basi. Ananitia kinyaa.”

Yeye! Nasieku alikwenda kukanda hina. Hatua chache pembeni binti yake mdogo, Sinyati, alikuwa anacheza na vijiti, nywele zake fupi nyeusi zimejaa vumbi. Nasieku akaikanda kwa ndimu, akaifunika kama alivyofundishwa. Kisha akamkalisha Namelok kati ya magoti yake, akachukua kibuyu cha mafuta ya kondoo, akammiminia kichwani, akayasugua kutoka kwenye ngozi kwenda nchani, asiache unywele hata mmoja mkavu.

Mafuta yalipomfika shingoni Namelok akamwuliza, akimwita mama:

“Haya ni ya nini, yeyo?”

“Rangi isishike. Ikishika kwako, weupe utahama tena, na hapa nyumbani kuna mtoto.”

Namelok akamtazama Sinyati, akaelewa. Nasieku akapaka hina juu ya mafuta, na hina ikateleza, ikadondoka vipande vipande kwenye majani. Kule uani Lemburis alikuwa anawaita vijana wa kupelekwa boma majina yao, mmoja mmoja, na kichwa chake kiling'aa juani. Kilibaki cheusi hivyo hivyo mpaka alipokufa, na majumbe wenzake walimsifu.

“Yeyo,” Namelok aliuliza, “mafuta haya ulikuwa nayo siku ile ulipompaka yeye?”

“Nilikuwa nayo,” alisema Nasieku, na akaendelea kupaka.