Chini ya "Soma Zaidi"

Kazi ya Bi Maelezo ilikuwa kuandika maneno ya chini ya picha, na saluni ya Madam ndiyo iliyokuwa imempa kazi hiyo kwa mwaka mzima. Alikuwa na mtindo wake. Mstari wa kwanza ni methali, kwa sababu simu huonyesha mstari mmoja au miwili tu kabla ya kuficha mengine chini ya "soma zaidi". Mistari inayofuata ni ya kuwafafanulia wafuasi wadogo, ambao methali wanazisikia shuleni na kuziacha hukohuko.

Wiki iliyopita, chini ya picha ya wanagenzi watatu wanaocheka, aliweka ile ya mvumilivu hula mbivu. Vijana wakauliza maana yake, naye akawajibu kwa raha zake: "Wadogo zangu, ukivumilia ugumu wa leo, kesho utafaidi mwenyewe." Mioyo myekundu ikamiminika, na Madam akafurahi mpaka akamkumbatia.

Leo alikaa chumba cha nyuma, penye masinki na ndoo za taulo chafu. Harufu ya dawa ya kulainisha nywele ilimkaba koo. Binti wa kaka yake, mmoja wa wale watatu wa kwenye picha, aliingia kusuuza brashi. Kaka mtu alimleta hapa kwa sababu Bi Maelezo mwenyewe alimwambia ni pahali pazuri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu lete huo mkono."

Binti aliuficha ndani ya taulo. Bi Maelezo akaufunua. Ngozi ya vidole ilikuwa imebanduka kwa dawa, na katikati ya kiganja palikuwa na kidonda kibichi kinachotoa majimaji.

"Glavu ziko wapi?"

"Zimefungiwa kabatini. Madam anazitoa siku ya kupiga picha tu. Anasema zinaisha haraka."

"Na wewe umenyamaza kimya, mwanangu? Kwa nini hukuniambia?"

Binti alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe uliyeandika, shangazi? Madam anatusomea ile methali kila asubuhi kabla hatujafungua. Anayelalamika anaambiwa akaisome tena. Mimi nilijua wewe unajua."

Kilichomchukiza Bi Maelezo si kile kidonda, ni maneno yake mwenyewe, yale matamu ya "wadogo zangu". Aliichagua methali kwa sababu ilipendeza, hakujiuliza ni nani anamwambia nani. Mtu anaweza kuitumia kujipa moyo mwenyewe. Anapoitoa mwenye funguo kumwambia aliyeungua, inageuka uchafu, na yeye ndiye aliyeupamba uchafu huo kwa vibonzo vya maua. Alijionea kinyaa.

Madam akachungulia mlangoni, ananukia marashi. "Dada yangu, tunapokea wanagenzi wapya Jumatatu. Weka ileile ya mvumilivu, inavuta watu. Na uwafafanulie watoto vizuri, eh?"

"Nitawafafanulia," alisema Bi Maelezo.

Aliandika haraka. Alipomaliza akatoka hadi mbele kwa wateja, akamwonyesha Madam simu. Madam alisoma methali pale juu, akatabasamu. Mwaka mzima hakuwahi kubonyeza "soma zaidi", maana mambo ya chini aliyaona ya watoto.

"Safi! Tuma."

Akatuma.

Simu zikalia mifukoni mwa mabinti, kwani Madam aliwalazimisha wote kuufuata ukurasa. Wakasimama wanasoma. Chini ya methali palikuwa na maneno haya:

"Wadogo zangu, wiki iliyopita niliwafafanulia vibaya, mnisamehe. Methali hii ni ya mtu anayengoja kilicho chake. Si ya kumnyamazisha mtu anayeumia. Kama kazi inakubandua ngozi na glavu zimefungiwa kabatini, usivumilie. Zidai. Na wewe unayetaka kujiunga hapa Jumatatu, omba kwanza kuonyeshwa mikono ya waliokutangulia."

Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akatoa kichwa kuuliza kuna nini. Binti wa kaka yake alikuwa wa kwanza kuondoka kwenye sinki. Akapita mbele ya wateja wote, akamnyooshea Madam ule mkono wenye kidonda.

"Madam, naomba ufunguo wa kabati."

Wawili wengine wakaja kusimama nyuma yake, nao wamenyoosha mikono. Madam akamgeukia Bi Maelezo, macho yamemtoka.

"Umewaandikia nini hawa?"

"Si umesoma mwenyewe ukasema safi?"

Ndipo Madam, kwa kidole chake laini chenye rangi mpya, akabonyeza "soma zaidi".