Jina Lisilovuliwa

Lisemwalo halipo, na hata likisemwa na shule nzima, haliji. Syprose aliyarudia maneno hayo moyoni kila asubuhi alipovuka mpaka kutoka upande wa Kenya kwenda shuleni Busia ya Uganda, akijua wanaomngoja langoni.

"Mla-Mbegu huyo! Ficheni karanga!"

Jina hilo alipewa darasani, mbele ya macho ya mwalimu.

Mbegu za karanga zilikuwa zimefukuliwa kwenye tuta la mwanafunzi mwenzake Abbo katika shamba la shule, na wasichana wa darasa la saba wakaanza kushikana nywele. Mwalimu Bartholomew, aliyekuwa ametoka chuoni majuzi, akaleta somo jipya la amani. Igizeni ugomvi, alisema, kisha mpatanishi asuluhishe, kisha kila mtu aandike mistari mitano katika daftari lake: nini kilitokea, nilihisi nini, nitafanya nini siku nyingine.

"Nani ataigiza mwizi?"

Mwalimu akamchagua Syprose kwa sababu hakuhusika na ugomvi, na kwa sababu alijua kuigiza. Akaigiza kweli. Akapiga magoti, akalia machozi ya kweli: "Nilikula mbegu zako, dada. Njaa ilinishinda." Darasa likashangilia. Wakaandika mistari yao mbio mbio, kengele ya chakula ikalia, wote wakatoka. Syprose naye akatoka, na mwizi mgongoni.

Wiki iliyofuata tuta la Abbo lilifukuliwa tena.

"Si alisema mwenyewe?" Abbo alifoka. "Wewe nakula mbegu yangu, halafu nalia kama mtoto! Rudi kwenu Kenya!"

Mwalimu Mkuu, mzee Ecweru, hakupenda kelele. Alimwita Syprose ofisini, kisha akatangaza uamuzi wake mbele ya shule nzima. Aombe radhi kwa Abbo kufikia Ijumaa, la sivyo asivuke mpaka tena. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa karibu. Mama yake, Wilkister, aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni mchana kutwa ili mwanawe aufanye mtihani huo. Akiomba radhi, wizi unakuwa wake. Asipoomba, shule inakwisha. Syprose aliona njia mbili, na zote zilikuwa ukuta.

Ijumaa, Mwalimu Bartholomew alipanga viti vitatu. Katikati alikaa Ilukor, mwanafunzi aliyekuwa mpatanishi. Mzee Ecweru alisimama mlangoni, akaujaza.

"Sheria mnazijua," alisema Ilukor, akikohoa kama mzee wa baraza. "Mmoja anasema, mwingine hakatizi. Akimaliza, aliyesikia arudie alichosikia. Asiongeze chumvi. Abbo, anza."

"Tuta langu nafukuliwa mara mbili. Mama yangu natoa mbegu hiyo, haina ingine. Nasikia uchungu."

Syprose akamgeukia. "Nimesikia kwamba tuta lako limefukuliwa mara mbili, mbegu zilitoka kwa mama yako na hana nyingine, na una uchungu."

Abbo alipepesa macho. Hakutarajia kusikiwa.

"Haya, Syprose."

"Mimi niliigiza mwizi kwa sababu mwalimu alinituma. Tuta lako sijaligusa. Tangu siku ile sina jina. Naogopa hata kwenda chooni, wanacheka. Nimefungiwa ndani ya mtu ambaye si mimi."

"Rudia, Abbo," alisema Ilukor.

Abbo alimtazama Syprose. "Anasema... anasema yeye hapana kula. Naigiza tu. Anasema hana jina." Akainamisha kichwa. "Anasema tumefunga yeye."

Nyuma ya darasa mtu alianza kucheka, kisha akakosa wa kucheka naye.

Mwalimu Bartholomew alikuwa ameshika chaki hadi ikavunjika. "Kosa ni langu," alisema. "Chuoni tulifundishwa: mwigizaji asirudi kwenye dawati kabla hajavua jina la mchezo na kutaja lake mbele ya wote. Kengele ililia, nikasahau. Syprose, simama. Wewe ni nani?"

"Syprose, binti Wilkister. Mimi si Mla-Mbegu."

"Mmesikia?"

"Tumesikia," darasa likajibu, wengine kwa nguvu, wengine kwa mdomo tu.

Mzee Ecweru alijikohoza. "Vizuri. Lakini nilishatoa neno mbele ya shule nzima, nami sirudi nyuma. Sema samahani moja tu, mwanangu, yaishe. Neno haliumizi mdomo."

"Kwa kosa lipi, Mwalimu Mkuu?"

"Kwa ajili ya amani."

Mwalimu Bartholomew aliokota vipande vya chaki. Abbo alitazama sakafu. Mlango ulikuwa bado umejaa mzee.

Syprose alichukua daftari lake, akalibana kwapani.

"Amani naitaka, na tuta la Abbo nitamsaidia kulipanda upya," alisema. "Msamaha siombi."