Kitambaa Kikishakatwa

Kabla sijatia mkasi kwenye jora, humuuliza mteja, "Nikate?" Akisema kata, namuuliza tena. Watu hunicheka, lakini kitambaa kikishakatwa sikipokei, na ugomvi siutaki kwa sababu najijua: nikianza, sina breki.

Juzi akaja mama wa bwana harusi, kakumbatia mfuko wa dukani kwangu, machozi yanamlengalenga.

"Mdogo wangu, nirudishie pesa yangu. Nimesikia mkwe wangu, mama wa bibi harusi, naye kanunua hiki hiki. Tangu siku ya posa hatupatani. Siku ya harusi watu watasema nimemwiga, na yeye atanicheka mpaka nife."

Moyo uliniuma, hasa. Nikamvutia kiti.

"Pole, dada. Pesa sitaweza kukurudishia, ila usiondoke na kinyongo, nisikilize. Kingekuwa na tundu, doa, au kinachuja rangi, ningekupa pesa yako yote sasa hivi. Lakini ni kizima, na nimekikata kwa kipimo chako. Mteja ajaye atakuja na kipimo chake; hiki nitamuuzia nani? Ndiyo maana nilikuuliza mara mbili, na kwenye risiti imeandikwa."

"Hata nusu?"

"Hata nusu, dada. Jana nimemkatalia mwingine. Nikikupa wewe, yeye nitamtazamaje? Ninachoweza ni kukuchagulia lesi ya mikononi, gauni lako liwe tofauti."

Akainama, anachezea ncha ya mfuko. Nikajiandaa kutukanwa. Mara mlango ukasukumwa, akaingia mama wa bibi harusi, naye na mfuko kifuani, hatazami kulia wala kushoto.

"Shoga, nirudishie pesa yangu! Yule mkwe wangu kanunua hiki hiki, watu watasema nimemwi..."

Akamwona.

Nilitamani nijifiche nyuma ya majora. Mama wa bwana harusi akapangusa macho, akasogea kidogo kwenye kiti.

"Kaa, mkwe. Usijisumbue, harudishi. Kingekuwa na tundu au doa, sawa. Lakini ni kizima, na kimekatwa kwa kipimo chako. Hiki atamuuzia nani?" Alimweleza yote, kwa upole kunishinda mimi mwenye duka.

"Hata nusu?"

"Nusu nimeshaomba. Wapi!"

Wa kwanza kucheka sijui ni nani. Najua walicheka mpaka wakashikana mabega, nami nikafurahi kama harusi ni yangu.

"Kumbe una jicho, mkwe," alisema mama wa bibi harusi.

"Na wewe je? Majora yote haya, tukaangukia moja!"

Lesi hawakuitaka tena. Walitaka vilemba, vya kitambaa kile kile, sare, atakayesema na aseme. Nikalishusha jora, nikapima. Mmoja alishika pembe hii, mwenzake pembe ile.

"Nikate?"

"Kata!"

Nikauliza tena, kama kawaida yangu.

"Kata bwana," wakasema kwa pamoja. "Haturudishi."