Kiti cha Kamera ya Pili

Shemeji yangu ni mwalimu wa udereva. Sauti yake imezoea kushindana na injini mbovu. Akiingia sebuleni, hata vikombe kabatini vinajua amefika. Ndiye niliyemkubali, kwa shingo upande, akae kwenye kiti cha mkewe, marehemu dada yangu.

Podikasti ilikuwa yetu, dada na mimi. Kamera moja yangu, moja yake, zote upande mmoja wa meza ili tuonekane tunatazamana, na kila mtu na maiki yake. Mitambo aliifunga yeye. Kwa kuwa alikuwa na sauti ndogo, alizungusha kitufe cha maiki yake karibu hadi mwisho, akakibandika karatasi ya gundi na kutuonya: "Atakayekigusa, mimi na yeye basi." Tangu tumzike, hakuna aliyethubutu.

Wasikilizaji walikuwa wananisumbua nirudi. Nikaapa kwamba jaribio la leo likiharibika, kipindi nakifunga kabisa. Moyoni niliogopa kukifunga, na niliogopa zaidi kumwona mtu kwenye kile kiti.

Shemeji alichelewa, nikaanza peke yangu. Niliwasha kamera zote mbili, nikapiga kofi moja ili baadaye picha na sauti zilinganishwe, kisha nikawasema wanaume wanaotengeneza bomba hadi nyumba nzima inakosa maji. Nilipomaliza, nikaingiza vyote kwenye kompyuta. Programu yetu ina kazi nyepesi: maiki ya nani inasikika, ionyeshwe kamera yake. Wote wakinyamaza, inabaki kwa aliyesema mwisho.

Nikatazama. Nasema, naonekana. Namaliza sentensi, picha inahamia kwenye kiti kitupu na mto wake wa kijani. Inatulia pale. Halafu inanirudia mimi, nikisema, "Haya, hayo umeyasema wewe."

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena. Sikukumbuka kusema hivyo. Na ikaendelea: kila nikimaliza hoja, kiti kinapewa zamu yake, muda uleule ambao dada angeutumia kufikiri na kunijibu. Hakuwa mtu wa kukurupuka.

Shemeji aliingia akanikuta nimejishika mdomo. Nikamwonyesha. Akavaa hedifoni, akasikiliza sauti ya maiki ya pili peke yake.

"Friji hilo," alisema. "Hukulichomoa. Maiki iko juu mno, shemeji. Ukinyamaza wewe, inalisikia friji, programu inadhani kuna mtu anaongea."

Kweli. Kulichomoa friji kabla ya kurekodi ilikuwa kazi ya dada. "Sawa, hilo ni friji," nikasema. "Na mimi, nilikuwa nanyamaza kumpisha nani?"

Alikiendea kiti cha dada. Akaketi, akasema, "Habari zenu!" Taa nyekundu ya maiki, ya kuonya kwamba sauti imezidi, ikawaka ikagoma kuzima. Tuliporudia kusikiliza, sauti yake ilikuwa inakwaruza kama redio mbovu. Kitufe lazima kishuke.

Aliweka mikono magotini. "Kishushe wewe. Mimi siwezi."

"Umemzika, utashindwa na kitufe?" Nilikuwa nimekasirika, na maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Siku ile kulikuwa na watu," alisema.

Niliona haya. Nikavaa hedifoni, nikaibandua karatasi, nikazungusha polepole huku yeye akisalimia tena na tena, hadi taa nyekundu ikaacha kuwaka. Katika hedifoni mvumo wa friji ulififia, na sebule yote nayo. Nililia, na sikujificha.

"Sasa kaa kimya tu," nikamwambia. "Tuone kama kimetulia."

Nikarudia yaleyale ya mabomba, kisha tukatazama. Safari hii picha haikuhama. Nilimaliza sentensi, nikabaki mimi kwenye kioo cha kompyuta: nyusi juu, mdomo wazi kidogo, nimeinama kuelekea kile kiti kama mtu aliyebisha hodi na kusikia nyayo ndani. Uso huo sikuwahi kuuona. Kumbe picha ya kiti ndiyo iliyokuwa ikiuficha.

Shemeji alitazama kwa muda mrefu. "Unamsubiri hivyo?"

"Ndivyo."

Niliwasha tena kamera zote mbili. Tukaketi, nikapiga kofi, tukaanza. Nikafika kwenye mabomba, nikanyamaza, na nikahisi nyusi zangu zikipanda zenyewe. Ng'ambo ya meza shemeji alisogeza mdomo kwenye maiki. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea chini.

"Lile bomba la jikoni nililiharibu mimi. Yeye ndiye aliyelitengeneza. Akaniambia nisikwambie, utanicheka."

Alisema polepole, akifikiri kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, taa ya maiki haikuwaka hata ile ya kijani inayoonyesha kwamba sauti inaingia. Nikanyoosha mkono, nikakirudisha kitufe juu kidogo.